Mich au mir? Namna ya kuchagua kiwakilishi cha kujirejea katika Kijerumani

Kiswahili kina -ji- moja kwa nafsi zote: najiosha, unajiosha, anajiosha. Kijerumani hubadilisha kiwakilishi kwa kila nafsi, na kwa *ich* na *du* hukibadilisha tena kufuata uhusika: *mich* na *dich* katika akuzativi, *mir* na *dir* katika dativi. *Sich*, *uns* na *euch* hubaki vilevile. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kusema *er wäscht sich* miezi kadhaa bila udhaifu wake kuonekana. Darasani kwangu zoezi hili hufanywa kwa *ich* na *du* tu.

Hatua ya 1: Uliza kinachotendwa ni nini. Katika *Ich wasche mich*, anayeoshwa ni mimi, basi ni akuzativi. Katika *Ich wasche mir die Hände*, kinachooshwa ni mikono. *Die Hände* imekwisha kukalia kiti cha akuzativi, nami mwenye mikono nahamia dativi.

Hatua ya 2: Pima kwa Kiswahili. Ukiona -ji- pamoja na kauli ya kutendea, tumia *mir*. Najinunulia baiskeli: *Ich kaufe mir ein Fahrrad.* Najipikia chai: *Ich koche mir einen Tee.*

Kipimo hiki hukwama kwenye usafi wa mwili, kwa sababu sisi husema nanawa mikono, napiga mswaki, nachana nywele, bila -ji- yoyote. Hapo wengi huandika *Ich putze meine Zähne*. Mjerumani ataelewa, ila mazoea yake ni *Ich putze mir die Zähne*. Kosa lenyewe hasa ni *Ich putze mich die Zähne*: akuzativi mbili zinagombea kiti kimoja.

Hatua ya 3: Funika kihusishi kwa kidole. Katika *Ich freue mich auf den Urlaub*, *den Urlaub* ni akuzativi kweli, lakini imeletwa na *auf*, si na kitenzi. Ukifunika *auf den Urlaub*, kinabaki *Ich freue mich*, na hakuna kilichokalia kiti.

Sasa tujaribu *sich vorstellen*, kitenzi chenye maana mbili. *Ich stelle mich vor* ni najitambulisha: anayetambulishwa ni mimi. *Ich stelle mir das Haus vor* ni naiwazia ile nyumba: kinachowaziwa ni *das Haus*. Hata sentensi nzima inaweza kukalia kiti hicho: *Ich stelle mir vor, dass ich in Berlin wohne.* Ukisema *mich* hapa, msikilizaji anatarajia utaje jina lako.

Vitenzi vichache havifuati hatua hizi. *Helfen* na *schaden* hutaka dativi daima, hata pasipo kitu kingine: *Du schadest dir.* Hivyo vikariri pamoja na dativi yake tangu siku ya kwanza.