Kuamsha kompyuta ya ofisini ukiwa mbali: mwachie ruta kazi ya kuita

Ofisi yangu ya kuchora ramani za nyumba iko Nkuhungu, hapa Dodoma. Mafaili mazito yote yanakaa kwenye kompyuta ya mezani, nami wiki nyingi niko nje kwenye saiti. Zamani nilikuwa naiacha inawaka usiku na mchana. Kompyuta inayokula wati 60 bila kufanya kazi yoyote inamaliza yuniti 43 za LUKU kwa mwezi. Ndipo nikaanza kuizima na kuiamsha kwa Wake on LAN.

Jaribio la kwanza nilifuata njia inayoelezwa sana: kufungua porti 9 ya UDP kwenye ruta na kuielekeza kwenye IP ya kompyuta. Nikazima kompyuta, nikatoka uani, nikatuma ishara kwa simu kupitia bando. Ikawaka mara moja. Kesho yake niko Mpwapwa, mteja amesimama pembeni anasubiri mchoro, natuma mara kumi na kompyuta kimya. Kosa lile ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo nilieleze kwanza.

Ishara ya kuamsha ni pakiti ndogo ya baiti 102: baiti 6 za FF, kisha anwani ya MAC ya kadi ya mtandao imerudiwa mara 16. Kompyuta iliyozimwa haina IP. Kadi yake tu ndiyo iko macho, inasubiri kusikia MAC yake. Ruta inapopokea pakiti ya kwenda 192.168.1.50, yaani IP ya kompyuta yangu, huuliza kwanza kwenye mtandao wa ndani, "Mwenye 50 ni nani?", na jibu hulihifadhi kwa muda mfupi tu. Nilipojaribu uani, jibu la zamani lilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya ruta. Kesho yake lilishafutika, ruta ikauliza, na aliyelala hajibu. Pakiti ikatupwa pale pale mlangoni.

Dawa yake ni kuacha kutuma ishara kutoka nje. Ingia kwenye ruta yenyewe, kisha uiambie iitangaze kwa vifaa vyote vya ndani. Tangazo halihitaji IP ya mtu.

Hatua ya 1: Tayarisha kompyuta

Tumia waya wa mtandao, siyo Wi-Fi. Ingia BIOS, weka `ErP` kuwa `Disabled`, maana ikiwa imewashwa inakata umeme wa kadi kompyuta ikizimwa. Kisha washa kipengele cha kuamsha kwa mtandao. Bodi nyingine zinakiita `Wake on LAN`, nyingine `Power On By PCI-E`.

Ndani ya Windows, fungua `Device Manager`, ingia kwenye kadi ya mtandao, kichupo cha `Power Management`, uweke tiki kwenye `Allow this device to wake the computer` na `Only allow a magic packet to wake the computer`. Usiruke ile ya pili, la sivyo kompyuta itaamka usiku kwa pakiti zisizo na maana.

Halafu zima Fast Startup. Ikiwa imewashwa, ukibonyeza `Shut down` Windows haizimi kikamilifu, na mara nyingi inaiacha kadi bila ruhusa ya kuamsha. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

```
powercfg /h off
getmac /v
```

Amri ya kwanza inaondoa Fast Startup, ya pili inakupa MAC. Windows inaiandika kwa vistari, mfano `02-1A-4B-7C-9D-3E`. Unapoiandika kwenye ruta weka nukta pacha badala ya vistari.

Sasa zima kompyuta, uiname nyuma yake uangalie tundu la waya wa mtandao. Taa ikiendelea kuwaka, kadi iko macho. Ikizimika, rudi BIOS. Usiguse ruta kwanza, maana hakuna utakachopata huko.

Hatua ya 2: Ruta

Ruta nyingi za kampuni za mtandao hazina sehemu ya kutuma ishara hii. Mimi nilinunua ruta inayokubali OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, nikaichomeka nyuma ya ile ya kampuni, na kompyuta ikahamia kwenye hii mpya. Kwa OpenWrt 24.10, ingia kwenye ruta kwa `ssh`, kisha andika:

```
opkg update
opkg install etherwake tailscale
```

Ya kwanza ndiyo inayotuma ishara. Tailscale ni programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri kupitia intaneti, nayo ni kubwa, kwa hiyo angalia nafasi kabla ya kununua. Ruta yenye memori ya ndani ya MB 16 itabanwa.

Jaribu `etherwake` ukiwa bado ofisini. Zima kompyuta, kisha usiijaribu papo hapo. Nenda kanywe chai, rudi baada ya nusu saa:

```
etherwake -b -i br-lan 02:1A:4B:7C:9D:3E
```

Hiyo nusu saa ndiyo inayokuhakikishia kwamba haudanganywi na kumbukumbu ya ruta kama nilivyodanganywa mimi.

Hatua ya 3: Kuifikia ruta kutoka mbali

Hapa ndipo wanaotumia laini ya simu kwenye ruta hukwama. Fungua ukurasa wa ruta yenye laini uangalie IP ya `WAN`. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, au ikianza na 10, basi uko nyuma ya IP inayotumiwa na wateja wengi kwa pamoja, na hakuna porti utakayofungua ikafanya kazi. Tailscale inavuka hilo kwa sababu ruta yenyewe ndiyo inayoanzisha muunganisho kwenda nje. Kwenye ruta andika:

```
tailscale up
```

Itakupa kiungo. Kifungue, uingie kwa akaunti yako, kisha weka Tailscale kwenye laptopu kwa akaunti hiyo hiyo. Ndani ya OpenWrt ongeza interface ya aina ya `Unmanaged` juu ya kifaa `tailscale0`, uiweke kwenye zoni ya `lan`. Bila hivyo ukuta wa ruta unaweza kukukatalia. Kwenye ukurasa wa kusimamia Tailscale chagua `Disable key expiry` kwa ruta hiyo, isije ikakutoa wakati uko mbali.

Ukiwa Kondoa au popote, unaingia kwa `ssh root@` pamoja na IP ya Tailscale ya ruta, unaandika amri ya `etherwake`, unasubiri dakika moja, kisha unahakiki:

```
ping -c 3 192.168.1.50
ip neigh show 192.168.1.50
```

Windows inaweza kukataa kujibu ping hata ikiwa macho, kwa hiyo amini mstari wa pili. `REACHABLE` maana yake imeamka. `FAILED` maana yake bado imelala, au umeme haupo.

Umeme ukikatika

Kwenye kompyuta nyingi, kadi huandaliwa kuamsha wakati Windows inazima. Umeme ukikatika na kurudi, maandalizi hayo yanaweza kupotea, na ishara haitasikika hata ukituma siku nzima. Utaligundua kwa ile taa ya nyuma: umeme umerudi lakini haiwaki. BIOS ina `Restore AC Power Loss`; weka `Power On`. Umeme ukirudi kompyuta inajiwasha yenyewe, nami naingia na kuizima kwa utaratibu ili kadi iandaliwe upya. Ruta zote mbili nimeziweka kwenye betri ndogo ya volti 12 baada ya kuangalia volti ya kila moja kwenye kibandiko chake, kwa sababu ruta ikizimika hakuna wa kuita.

Ile porti 9 niliyoifungua mwanzoni nimeshaifunga.