Kabla ya kununua haibridi, piga hesabu kwa lita

Tuseme unaendesha kilomita 10,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za foleni. Gari la petroli linalokula lita 9 kwa kilomita 100 litamaliza lita 900; haibridi ya ukubwa uleule, yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, ikila lita 5, itamaliza 500. Zidisha tofauti hiyo ya lita 400 kwa bei ya petroli, kisha gawanya tofauti ya bei za magari kwa jibu hilo: hiyo ndiyo miaka ya kurudisha pesa yako. Kwenye barabara kuu faida hupungua sana, kwa sababu hukanyagi breki mara nyingi, na kila ukikanyaga breki gari huchaji betri ya mota. Ukichukua iliyotumika, pimisha kwanza betri hiyo kubwa ya mota. Angalia pia chujio la feni inayoipoza, mara nyingi liko karibu na kiti cha nyuma. Likiziba kwa vumbi, betri hupata joto na kuchoka mapema.