Rifainansi ya nyumba Marekani: namna ya kupata mwezi wa kurudisha gharama bila kujidanganya

Ukiwa na mogeji Marekani na riba zikashuka, simu na barua za wakopeshaji hazikomi. Wote wanasema maneno yaleyale: fanya rifainansi, yaani badilisha mkopo wa zamani kwa mpya, malipo ya kila mwezi yatapungua kwa kiasi hiki, gharama zako utazirudisha baada ya miezi kadhaa. Hesabu wanayotumia ni fupi. Wanachukua gharama zote na kuzigawa kwa kiasi ambacho malipo yamepungua. Ni rahisi, lakini ina kasoro moja kubwa, na kasoro hiyo humpendeza anayeuza mkopo mrefu.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao hadi mwisho. Ulikopa dola 320,000 kwa miaka 30, riba 7.25%. Umelipa miaka 3, na deni lililobaki ni takribani dola 310,000. Kila mwezi unalipa dola 2,183. Hiyo ni riba pamoja na deni lenyewe tu, bila kodi ya nyumba wala bima ya nyumba. Hivyo viwili viweke kando tangu mwanzo, kwa sababu utavilipa hata usipobadilisha mkopo, na mkopeshaji akivichanganya humo hutajua kilichoshuka ni nini. Sasa umepewa mkopo mpya wa miaka 30 kwa 6.25%. Malipo yanakuwa dola 1,909, yaani pungufu ya dola 274.

Kabla ya kugawa chochote, tafuta gharama halisi. Ukishatuma maombi, mkopeshaji analazimika kisheria kukupa Loan Estimate, yaani makadirio ya mkopo na gharama zake, ndani ya siku 3 za kazi. Ni karatasi ya kurasa 3, na muundo wake ni uleule kwa kila mkopeshaji, kwa hiyo unaweza kulaza mbili au tatu mezani na kuzilinganisha mstari kwa mstari. Fungua ukurasa wa 2. Sehemu A ni ada za mkopeshaji mwenyewe. B ni huduma ambazo huruhusiwi kujichagulia mtoaji, kama vile tathmini ya nyumba na ripoti ya mikopo yako. C ni zile unazoweza kujitafutia kwingine, hasa bima ya hatimiliki na kazi zinazoendana nayo. E ni ada na kodi za serikali za kusajili mkopo. Jumla ya hizo nne, ukitoa punguzo lolote alilokupa mkopeshaji, ndiyo gharama ya kubadilisha mkopo. Sehemu H ikiwa na kitu, uliza ni nini. Bima ya hatimiliki inayomlinda mwenye nyumba, kwa mfano, uliishanunua ulipoinunua nyumba kama uliichukua wakati ule.

F na G ni habari nyingine. F ni bima ya nyumba na riba ya siku chache zinazolipwa mapema. G ni pesa za kuanzishia akaunti ya eskro, ile ambayo mkopeshaji hulipia kodi na bima kwa niaba yako. Pesa hizo zinatoka mfukoni kweli na lazima uwe nazo siku ya kusaini, lakini si gharama ya rifainansi. Ni bili zako mwenyewe zilizosogezwa mbele. Na eskro ya mkopo wa zamani hurudishwa kwako: anayeusimamia anatakiwa kukutumia salio ndani ya siku 20 za kazi baada ya mkopo kulipwa wote.

Katika mfano wetu A ni dola 2,900, B ni 950, C ni 2,600 na E ni 950. Jumla dola 7,400. F na G zikiongezwa, mstari wa J, ambao ni jumla ya vyote, unaonyesha dola 12,900. Anayechukua namba hiyo ya J na kuigawa kwa 274 anapata miezi 47, anakata tamaa na kuacha mkopo ambao ungemfaa.

Ukigawa 7,400 kwa 274 unapata miezi 27, na ndiyo namba utakayotajiwa kwenye simu. Hapa sasa ndipo penye ile kasoro. Mwezi wa kwanza, riba kwenye mkopo wa zamani ni dola 1,873 na kwenye mpya ni dola 1,615. Umeokoa dola 258. Zile 16 zilizobaki kufikia 274 hukuziokoa: ni deni ambalo mwezi huo hukulipunguza, kwa sababu mkopo mpya umeanza tena miaka 30 badala ya 27 iliyokuwa imebaki. Bado unadaiwa. Kila mwezi pengo hilo linakua kidogo, na baada ya miaka 5 deni la mkopo mpya linakuwa juu ya la zamani kwa takribani dola 1,690.

Kwa hiyo gawa gharama kwa riba iliyopungua. Chukua deni, zidisha kwa tofauti ya riba, gawa kwa 12. Dola 310,000 mara 0.01, gawa kwa 12, ni dola 258. Kisha 7,400 gawa kwa 258 ni karibu miezi 29. Ukitaka uhakika zaidi, fuatisha salio la mikopo yote miwili mwezi kwa mwezi: kiasi ulichopunguza kwenye malipo, toa pengo la deni, hadi kifikie 7,400. Hesabu hiyo inafika mwezi wa 30. Kwenye Excel au Google Sheets, mstari wa kwanza unakupa malipo mapya, na miwili inayofuata inakupa salio la mkopo wa zamani na la mpya baada ya miezi 60:

```
=PMT(0.0625/12, 360, -310000)
=FV(0.0725/12, 60, 2183, -310000)
=FV(0.0625/12, 60, 1908.72, -310000)
```

Badilisha 60 iwe idadi ya miezi unayotarajia kubaki na mkopo huo. Kwa miaka 5, malipo yamepungua kwa dola 16,440. Toa gharama 7,400, toa pengo la deni 1,690, unabaki na faida ya dola 7,350. Hiyo ndiyo namba ya kufanyia uamuzi.

Miezi 27 na miezi 30 hazijaachana sana, na mtu anaweza kuuliza kwa nini tusumbuke. Sababu inaonekana ukimwomba mkopeshaji mkopo wa miaka 27 badala ya 30, jambo ambalo wengi hulikubali ukiuliza. Kwa riba ileile malipo yanakuwa dola 1,983, pungufu ya dola 200 tu. Hesabu ya simu inasema miezi 37, kwa hiyo mkopo huu unaonekana mbaya. Ukweli ni kwamba gharama zinarudi mwezi wa 29, mapema kidogo kuliko ule wa miaka 30, kwa sababu deni linashuka haraka zaidi. Na ukiishi na mkopo hadi mwisho, ule wa miaka 30 unakuokolea takribani dola 12,750 baada ya gharama, ilhali wa miaka 27 unakuokolea zaidi ya dola 57,000. Kwa mkopo wa miaka 15 hesabu ya simu haitoi jibu kabisa, maana malipo yanapanda badala ya kushuka. Kipimo kinachoupendelea mkopo ghali kuliko wa nafuu hakifai kuamulia.

Ukihofia kujifunga na malipo makubwa, chukua ule wa miaka 30 lakini endelea kulipa dola 2,183 zako za zamani, na umwandikie anayeusimamia kwamba ziada iende kwenye deni lenyewe. Deni litaisha baada ya miezi 259 badala ya 324 iliyokuwa imebaki kwenye mkopo wa zamani. Mwezi ukiwa mgumu, mathalani kuna msiba nyumbani na nauli ya ghafla, unarudi kwenye 1,909 bila kuomba ruhusa ya mtu.

Jihadhari na maneno “bila gharama”. Mara nyingi maana yake ni mojawapo kati ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba gharama zimeongezwa kwenye deni. Katika mfano wetu deni linakuwa dola 317,400, malipo yanashuka kwa dola 229, na kwa kuwa gharama zenyewe zinatozwa riba, mwezi wa kuzirudisha unasogea hadi wa 35. La pili ni kwamba mkopeshaji amezilipa yeye na kukupandishia riba. Hili si baya kama unajua huenda ukauza au ukabadilisha mkopo tena karibuni, kwa sababu huna cha kurudisha. Kinyume chake ni pointi: unalipa asilimia 1 ya mkopo ili riba ishuke zaidi. Pointi ipigie hesabu yake peke yake. Dola 3,100 ili kushuka kutoka 6.25% hadi 6.00% zinaokoa riba ya dola 65 kwa mwezi, yaani karibu miezi 48 kuzirudisha. Ukizichanganya na gharama nyingine, faida ya rifainansi yenyewe inaificha pointi isiyokufaa.

Mwezi wa kurudisha gharama hauna maana bila tarehe ya kuondoka. Kwetu sisi tulio ughaibuni tarehe hiyo iko karibu kuliko tunavyokubali: kazi katika jimbo jingine, mzazi anayezeeka, mpango wa kurudi. Kama kuna uwezekano mkubwa utauza kabla ya mwezi wa 30, acha, au chukua ule ambao mkopeshaji analipa gharama. Kama unapanga kurudi nyumbani na kuipangisha nyumba, soma unachosaini. Mikataba ya kawaida ya nyumba ya kuishi inakutaka uishi humo angalau mwaka mmoja. Kusaini hivyo huku tiketi iko mkononi ni kutoa taarifa ya uongo kwa mkopeshaji, na hilo ni kosa la jinai.

Omba Loan Estimate kwa wakopeshaji watatu siku ileile, kwa sababu riba hubadilika kila siku. Maombi ya mogeji yanayofanyika ndani ya siku 45 kwa kawaida huhesabiwa kama ulizo moja kwenye alama zako za mkopo. Endelea kulipa mkopo wa zamani hadi upate uthibitisho kwamba umefungwa. Mwezi mmoja unaoonekana “hauna malipo” katikati si zawadi. Riba yake imo tayari kwenye kiasi kilichotumika kuufunga mkopo wa zamani na kwenye ile riba ya siku chache ya sehemu F.

Closing Disclosure, yaani karatasi ya masharti na gharama za mwisho, inapaswa kukufikia angalau siku 3 za kazi kabla ya kusaini. Ilinganishe na Loan Estimate: riba, A, B, C, E. Ada za sehemu A haziruhusiwi kupanda isipokuwa hali yako au mkopo wenyewe umebadilika, kwa hiyo zikipanda uliza sababu kwa maandishi na usisaini kabla ya kujibiwa. Na kwa nyumba unayoishi, ukihamia kwa mkopeshaji mwingine, una hadi saa sita usiku wa siku ya 3 ya kazi baada ya kusaini kuufuta mkataba bila kulipa chochote. Katika kuhesabu siku hizo Jumamosi imo. Jumapili na sikukuu za serikali kuu hazimo.