Supu ya makongoro na kopo la kolajeni

Ukitaka kujua kama supu yako ina kolajeni, ile protini ya ngozi, mifupa na gegedu, itie bakuli moja friji usiku. Asubuhi ikiganda ikatetemeka kama jeli, imo. Ikibaki majimaji, kolajeni yake ni kidogo, ni kama umekunywa maji ya chumvi na ndimu, matamu lakini ndiyo hivyo.

Nayasema haya kwa sababu shangazi yangu hapa Lamu ameacha samaki wa usiku, anakoroga kijiko cha unga wa kolajeni kwenye chai, eti protini imetosha. Gramu 10 za unga ule zina protini kama gramu 9, hilo kweli. Ila kolajeni haina triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo peke yake haijengi misuli ipasavyo. Yai moja lina gramu 6 tu, lakini zimekamilika. Kipande cha samaki changu cha gramu 100 kina kama 20.

Na goti lake linalomuuma? Kolajeni ikifika tumboni humeng'enywa vipandevipande, haiendi moja kwa moja gotini. Majaribio kadhaa yameonyesha maumivu kupungua kidogo baada ya miezi, si gegedu kuota upya. Ngozi nayo yasemekana huongezeka unyevu kidogo baada ya wiki 8 hadi 12, ila majaribio mengi yamelipiwa na wauzaji wenyewe.

Shangazi nimemwambia: kopo likiisha usinunue jingine, rudisha changu mezani. Makongoro endelea nayo, ila punguza chumvi, presha unayo.