Maswali matatu mlangoni mwa duka
Mteja anapotoka, hasa aliyetoka mikono mitupu, muulize: Ulifuata nini? Umekipata? Kama hukukipata, unakwenda kununua wapi? Usimuulize kama huduma ni nzuri. Atasema nzuri, basi. Andika daftarini jina la bidhaa aliyoikosa na uchore kijiti kwa kila mtu aliyeikosa: "unga kilo 1, ////, duka la kona". Jumamosi jioni tazama mstari wenye vijiti vingi. Hiyo ndiyo bidhaa ya kuongeza kwenye oda. Ila mtu yuleyule akirudi kila siku, mhesabu mara moja tu. Na bora anayeuliza awe kijana wa dukani, si wewe mwenye duka: anayekopa kwako hatakuambia usoni kwamba anakwenda kununua kwingine.