Kuondoa mistari iliyojirudia pale picha mbili za ukurasa mmoja zinapopandana

Dada mmoja anayenunua dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, aliniletea kaunta buku lake niliingize kwenye Excel. Ukurasa ni mrefu, kwa hiyo niliupiga picha mbili, ya juu na ya chini, nikaziacha zipandane kidogo katikati. Vijana wawili wakachapa, kila mmoja picha yake.

1. Bandika picha ya 2 chini ya picha ya 1. Safu ni hizi: A picha, B namba ya mstari, C jina, D ndoo, E fedha. Usipange upya kwa herufi, mpangilio wa daftari ndio utakaokuokoa.

2. Hesabu mistari iliyoandikwa kwenye daftari lenyewe. Wangu ulikuwa na 38. Picha ya 1 ilitoa 24 na ya 2 ikatoa 19, jumla 43. Basi 5 imejirudia.

3. Usiguse `Remove Duplicates`. Mimi niliigusa, nikiwa nimechagua safu C, D na E tu. Ilifuta mistari 5, ikabaki 38, na jumla ya ndoo ikawa 114 kama ilivyoandikwa chini ya ukurasa. Nikafunga kazi. Kesho yake mzee mmoja akaja kudai safari yake ya pili: alileta ndoo 3 alfajiri, akaleta 3 tena baadaye, kwa bei ileile. Kompyuta ilidhani ni marudio ikaifuta. Kumbe upande wa pili, Mashaka wa ndoo 3 alibaki mara mbili, kwa sababu kijana mmoja alichapa "Mashoka". Kosa moja likaficha jingine, nami nikapoteza mchana mzima nikitafuta.

Marudio ya picha kupandana yana tabia moja: hukaa pamoja, mwishoni mwa picha ya kwanza na mwanzoni mwa ya pili, kwa mfuatano uleule. Kwa hiyo linganisha kwa nafasi. Picha ya 1 iko safu mlalo 2 hadi 25, ya 2 inaanza 26. Kwenye F21 andika:

```
=AND(D21=D26,E21=E26)
```

Vuta hadi F25. Majina nimeyaacha makusudi, tarakimu hukosewa mara chache zaidi. Zikitoka `TRUE` zote tano mfululizo, umepata. Moja ikiwa `FALSE`, fungua picha uangalie kabla ya kulaumu fomula. Zikiwa `FALSE` karibu zote, huenda mchapaji mmoja ameruka mstari ulio nje ya sehemu iliyopandana. Hapo marudio ni 6 lakini hesabu yako inatoa 5, na ulinganisho umesogea hatua moja.

4. Chagua wa kufuta. Mstari wa 24 ulikuwa nusu kwenye picha ya 1, na wa kwanza wa picha ya 2 vilevile. Nikabakiza 20 hadi 22 kutoka picha ya 1, na wa 4 na wa 5 kutoka ya 2. Andika "toa" kwenye safu G kwanza, ufute baadaye.