SOMO: Kutoa waya wa kizimba mbele ya mnyama (GIMP), msiniulize tena inboksi

Nimechoka kujibu hili swali mmoja mmoja kwa hiyo naandika mara moja iishe. Ni GIMP ya kompyuta, sio simu. Mfano ni picha yangu ya chui pale kituo cha wanyama yatima cha KWS Nairobi, waya wa matundu umempita shavuni na ubavu mzima.

1. Fungua picha, kopi leya (Shift+Ctrl+D). Ya chini usiiguse.

2. Weka leya tupu juu yake. Chukua Clone (C), washa Sample merged, Alignment iwe Aligned. Brashi izidi upana wa waya kidogo tu. Ctrl+kliki mahali safi, halafu paka.

3. Anza na majani na kivuli nyuma ya mnyama. Hapo hata ukikosea kidogo hakuna atakayeangalia.

4. Manyoya. Hapa ndipo mimi niliharibu kwa hiyo soma taratibu. Mara ya kwanza nilikimbilia Heal nikidhani ndiyo ya kisasa zaidi. Shida ni kwamba Heal inachukua nyuzi za manyoya kule ulikokliki lakini rangi na mwanga inalinganisha na pale unapopaka, sasa kama brashi inagusa kipande cha waya ambacho bado kipo inavuta ule ukijivu wake inausambaza, unapata kama moshi shavuni. Nikapaka tena juu ya moshi, moshi ukaongezeka, saa mbili zikaenda. Dawa yake: maliza waya WOTE kwa Clone kwanza hata kama viungo vinaonekana. Halafu raiti kliki kwenye leya, New from Visible, na hiyo mpya ndiyo uilainishe viungo kwa Heal. Usiifanye Heal kwenye leya tupu.

Na angalieni, waya ukiwa nje ya fokasi una ukungu pembeni. Ukifuta waya ukaacha ukungu, ukizumu hutauona, ukirudisha picha ndogo unaona mistari ile ile imefifia. Zumu nje kila baada ya dakika chache.

Madoa ya chui hayafanani. Ukichukua chanzo sehemu moja mara mbili utapata madoa pacha na jicho la mtu linayaona haraka sana. Waya ukikata doa katikati, malizia ukingo wa doa lile lile kwanza. Paka vipande vifupi kufuata manyoya yanakolala, usifuate waya.

5. Hifadhi XCF, kisha Export.

MASWALI

mzee_wa_lenzi: Nimefanya haijakubali
Mwandishi: Haijakubali nini? Hatua gani? Weka picha.
mzee_wa_lenzi: Clone haipaki kitu
Mwandishi: Sample merged umewasha? Nimeiandika namba 2.
mzee_wa_lenzi: aah. imekubali

binti_kilifi: Kaka hongera kwa somo. Wangu waya umefifia mpaka umekuwa utepe wa ukungu tu, manyoya yanaonekana chini yake. Bado nifanye Clone?
Mwandishi: Swali zuri dada, na hapana, usiyafute manyoya ya kweli. Huo utepe umepunguza tu kontrasti. Chagua ile leya ya kopi, uzungushie utepe Free Select, kisha Select > Feather kama piseli 15 au zaidi kulingana na ukubwa wa picha, halafu Colors > Curves, vuta upande wa giza ushuke kidogo kidogo mpaka ufanane na manyoya ya jirani. Fanya utepe mmoja mmoja, maana ule uliopigwa na jua unang'aa kuliko ulio kivulini.

kijana_wa_Moro: Kuna app ya simu ya hii?
Mwandishi: Rudi mstari wa pili.

fundi_picha: Mi ningeongeza, bora usiwe na waya tangu mwanzo. Lenzi ikaribie waya kadiri walinzi wanavyoruhusu, epa waya wenye jua, subiri mnyama akae mbali na uzio.
Mwandishi: Kweli kabisa. Na kizuizi cha mbele msikivuke kwa ajili ya picha.

binti_kilifi: Na nondo nene je? Ile imeziba jicho lote.
Mwandishi: Hapo hakuna cha kuokoa kwenye picha moja, jicho ukilibuni linaonekana bandia. Piga mbili. Ya pili sogeza kamera pembeni sentimita chache, nondo iliyo karibu inahama sana, simba aliye mbali anahama kidogo tu. Ziweke leya mbili, zilinganishe kwenye macho, ya juu ipe maski nyeupe, halafu paka nyeusi pale penye nondo, ya chini inatokea.
binti_kilifi: Nimejaribu jana, kati ya picha mbili simba kageuza kichwa 😂
Mwandishi: Basi mwili chukua ya pili, kichwa rudi kesho na upige kumi mfululizo.